Kurasa za jaribio zimeingia wasapu shaghalabaghala: namna ya kuzipanga kabla hujashika kalamu nyekundu

Nasahihisha majaribio ya Kiswahili ya watahiniwa wa kujitegemea, wale wanaorudia kidato cha nne huku wana kazi zao. Jumamosi asubuhi kila mtu anafanya jaribio kwake kwenye fulskapu, akimaliza anapiga picha ananirushia wasapu. Mtu mmoja kurasa nane mpaka kumi na mbili, na nikwambie ukweli, kosa kubwa nililofanya miezi ya mwanzo halikuwa kwenye usahihishaji wenyewe, lilikuwa kusoma picha kwa mpangilio zilivyoingia nikidhani ndivyo alivyoandika. Nimeshamkata mtu hoja alizoziandika vizuri kabisa, kisa ukurasa wake wa sita niliusoma baada ya wa nane nikaona "huyu anaongea nini hapa".

Kitu cha kushika ni hiki: picha ya ukurasa imepita mikono minne. Kuna mpangilio alioandika, mpangilio aliopiga picha, mpangilio aliotuma, na mpangilio simu yako ilivyozihifadhi. Ukivurugika popote kati ya hapo wewe unaona fujo tu, ila fujo ya kila hatua ina sura yake, na ukiitambua sura unajua dawa. Ndo maana sianzi na "ngoja nisome nione ipi inafuata", naanza kuangalia fujo yenyewe imekaaje.

Na kabla ya yote: hesabu picha, andika idadi pembeni, zinakili kwenye folda ya huyo mtu, zile za kwenye chati usiziguse. Zilizopigwa kichwa chini zigeuze sasa hivi maana tutahitaji kujua kona ya kushoto na ya kulia. Usifute hata moja, hata kama unaona imejirudia.

Dalili: ukurasa wenye jina uko mwisho, mwisho wa insha uko mwanzo

Hii ndo nyepesi na ndo inayotokea sana. Galari ya simu nyingi inaonyesha picha mpya juu kabisa, kwa hiyo mwanafunzi akifungua kuchagua anaanza kugusa ya kwanza anayoiona, ambayo ndo aliyopiga mwisho, anashuka hivyo hivyo mpaka ukurasa wa kwanza. Amepiga vizuri, amechagua kinyume.

Dawa ni kuzigeuza zote, ya mwisho iwe ya kwanza. Ila usigeuze ukaamini, angalia maungio mawili, moja karibu na mwanzo na moja katikati: sentensi ya mwisho ya ukurasa inaendelea kwenye ukurasa unaofuata? Yote mawili yakiungana umemaliza. La mwanzo likiungana la katikati likagoma, basi kuna tatizo lingine limejificha ndani, endelea chini.

Dalili: kwenye chati ziko sawa, ukizihamishia kwenye folda zimevurugika

Hapa mwanafunzi hana kosa. Ukipokea kwa simu ya Android picha zinapewa majina ya namna hii:

```
IMG-20250614-WA0012.jpg
IMG-20250614-WA0013.jpg
IMG-20250614-WA0019.jpg
```

Ile namba baada ya WA inatolewa na simu yako wewe, inahesabu picha za siku hiyo kutoka kila mahali, hata za harusi kwenye kundi la ukoo. Kwa hiyo namba kuruka sio ishara kwamba ukurasa umepotea (nimeshamsumbua mtu kwa hilo, "mbona namba 14 haipo", kumbe 14 ilikuwa keki). Na kama bando lilikatika ukaja kugusa picha moja moja kuzipakua, usitegemee kabisa kwamba namba zitafuata mpangilio wa chati.

Ukipakua kwa kompyuta majina yanakuja na saa:

```
WhatsApp Image 2025-06-14 at 10.22.31.jpeg
WhatsApp Image 2025-06-14 at 10.22.31 (1).jpeg
WhatsApp Image 2025-06-14 at 10.22.31 (2).jpeg
```

Picha za sekunde moja zinaongezewa mabano, na ukipanga kwa jina mara nyingi yenye (1) inakaa mbele ya isiyo na kitu. Kurasa mbili tatu zinabadilishana viti na wewe hujui.

Usihangaike kupanga kwa "tarehe ya kupigwa" pia, maana picha iliyotumwa kama picha ya kawaida wasapu inaifuta ile taarifa ya lini ilipigwa, unachobaki nacho ni muda iliyoingia kwako. Ikitumwa kama dokumenti ndo inabaki na jina lake la asili, ambalo kwenye simu nyingi lina tarehe na saa ndani yake, na hapo unajua angalau alipiga kwa mpangilio gani. Kwa zile za kawaida rudi kwenye chati, fungua moja moja ukiteleza, na kila moja uipe jina jipya kwenye folda: 01, 02, 03. Anza na sifuri hiyo, ukiandika 1, 2, 3 kuna programu zitakupangia 1, 10, 11, 2.

Dalili: mwanzo zinaenda vizuri kwa kuruka, katikati zinageuka zinaanza kurudi nyuma

Sasa hapa ndo kwenye kazi, na hapa nitakaa.

Mtu ameandika pande zote mbili za karatasi. Wakati wa kupiga picha anaona uvivu kugeuza kila karatasi, anapiga za mbele zote kwanza, kila aliyoipiga anaichomeka chini ya rundo, halafu anapindua rundo zima anapiga za nyuma. Karatasi nne zinakupa 1, 3, 5, 7 kisha 8, 6, 4, 2. Kama baada ya kupindua alilipanga rundo upya utapata 1, 3, 5, 7 kisha 2, 4, 6, 8. Ukizisoma ilivyo, kila ukurasa unakatika hewani, na kuzigeuza zote hakusaidii chochote.

Unajuaje ni hivyo? Usianze na maneno, anza na karatasi yenyewe. Kona yenye pini ya stepla au tobo la kamba: ikiwa juu kushoto huo ni upande wa mbele, na upande wa nyuma wa karatasi hiyo hiyo lazima iwe juu kulia. Kona iliyochanika au kukunjwa nayo vivyo hivyo. Pita picha zote uandike tu M au N. Ukipata M M M M N N N N umeshajua alichofanya.

Halafu unatafuta kila mbele nyuma yake ni ipi. Fulskapu zetu ni nyepesi, wino wa peni unaonekana kwa upande wa pili kama kivuli kilichogeuzwa. Ongeza mwanga wa picha, kuza, tafuta kitu kikubwa: mstari chini ya kichwa cha swali, neno lililofutwa kwa kukolezwa, mchoro. Kichwa kilichopigwa mistari miwili juu kushoto upande wa mbele, ukikiangalia kwa nyuma kivuli chake kitakuwa juu kulia. Kikikaa pale pale umepata mke na mume.

Njia hii inakufa kama mwanafunzi ametumia programu ya kuskani, zile zinazofanya karatasi iwe nyeupe pee. Zinakata kona na zinafuta kivuli, yaani zinaondoa ushahidi wote wawili, picha inapendeza lakini mimi binafsi naomba wanitumie picha chafu.

Ukishapata karatasi kamili, mbele na nyuma, kazi imepungua nusu. Kinachobaki ni karatasi ipi inafuata ipi, na hapo sasa ndo unasoma maneno. Na sisi wa Kiswahili tumebarikiwa, tuna ngeli. Ukurasa ukiishia na "mila hizo", unaofuata haiwezekani uanze na "yamechangia" wala "kinaonyesha", unatafuta zi-. Ukiishia na "mwandishi" unatafuta a- au ame-. Kabla hujaelewa hoja yenyewe inasema nini, kiambishi kimeshakufukuzia kurasa tatu.

Kuna tahadhari mbili. Moja, baadhi ya viambishi ni vya wengi: i- inaweza kuwa ya "nyumba" au ya "miti", u- nayo hivyo hivyo, kwa hiyo vinakataa vizuri ila kukubali havitoshi, lazima na maana ya sentensi ikubali. Mbili, wanafunzi wenyewe wanakosea upatanisho, kuna mtu ataandika "vitabu zimeeleza" bila aibu. Angalia kwanza kurasa nyingine huyo mtu anaandikaje. Kama ana huo ugonjwa, usitupe ungio kwa sababu ya ngeli peke yake, maana utakuta umeipanga karatasi vibaya na bado kosa la sarufi lipo pale pale linakusubiri.

Neno lililokatwa na kistari mwisho wa mstari ndo ungio bora kuliko yote, ukilipata shukuru.

Ngoja nikupe moja niliyoifanya, ya tarehe 14 Juni 2025. Dada mmoja anauza duka la vipuri, alituma picha 12, mpangilio wa chati nikauita P1 mpaka P12. P1 ina jina na imeanza swali la 4. Ndiyo, la 4, watu wengi wanaanza na wanaloliweza, kwa hiyo ukitaka kupanga kwa namba za maswali utajipoteza mwenyewe.

Kwanza P7 na P8: mstari wa kwanza uleule, P7 imetikisika. Alirudia. P7 nikaiweka pembeni, zimebaki 11. Namba witiri, maana yake kuna upande mmoja mtupu au kuna ukurasa haujaja, na hilo nikaliandika nisilisahau.

Kona: P1, P2, P3, P4, P5 tobo la stepla kushoto. P6, P8, P9, P10, P11 kulia. P12 kushoto. Yaani mbele sita, nyuma tano, na ile P12 ni ya mbele iliyokaa mwisho peke yake kama mgeni. Hapo nikahisi ameangushwa na mtandao, picha moja ikagoma kwenda na wenzake ikaja ikiwa imechelewa.

Vivuli: P1 na P11 zinaoana, P2 na P10, P3 na P9, P4 na P6. P8 nikakosa mwenzake kati ya zile tano za mwanzo, nikaijaribu na P12, ikakaa. P5 ikabaki haina nyuma, na ukiikuza kwa nyuma yake hakuna kivuli chochote, ni insha imeishia nusu ukurasa na chini amepiga mstari wa kumaliza. Kwa hiyo ule witiri umejibika: upande wa mwisho ni mtupu, hakuna kilichopotea.

Angalia sasa za nyuma zilivyokuja: P6, P8, P9, P10, P11. Wenzake wa mbele ni P4, P12, P3, P2, P1. Ni rundo limepinduliwa, linarudi kinyume, na P12 kiti chake ni kati ya P3 na P4.

Maungio. Nyuma ya karatasi ya kwanza swali la 4 limeisha kwa nukta na mistari mitupu. P2 inaanza na kichwa "Swali la 1", nyuma yake P10 inamaliza la 2. P3 inaanza swali la 5, la methali, na nyuma yake P9 inaishia "kwa hiyo methali hizi". P6, nyuma ya insha, inaishia "mkulima wa kijijini ha-" imekatwa na kistari. Kurasa za mbele zinazoanza katikati ya sentensi ziko mbili tu: P12 inaanza "zinamfundisha kijana", P5 inaanza "na uwezo wa kununua mbolea". Methali hizi zinamfundisha, hana uwezo. Ukijaribu kinyume unapata "hazinamfundisha", Kiswahili gani hicho.

Mpangilio wa mwisho: P1, P11, P2, P10, P3, P9, P12, P8, P4, P6, P5. Dakika kumi hivi.

Sasa ona ningeisoma ilivyoingia. P8 ni mwisho wa swali la 3, inafuatiwa na P9 ambayo juu haina namba ya swali lolote, ni hoja ya tatu na ya nne za methali. Ningedhani ni swali la 3 linaendelea limetoka nje ya mada. Na hoja ya tano iko juu ya P12 inayokuja mwisho kabisa, baada ya swali la 4 kuisha. Hoja tatu kati ya tano zingeniponyoka, zote zimeandikwa.

Na kitu kingine kwenye mfano huo huo. Karatasi ya kwanza imejitosheleza, ya pili imejitosheleza, ya tatu na ya nne zimeshikana, ya tano na ya sita zimeshikana. Ni vipande vinne. Kama ningeshindwa kujua kipande cha pili kilitangulia cha kwanza au la, alama zisingebadilika hata moja. Kwa hiyo ukifika mahali kila kipande kinaanza na kichwa cha swali na kinaisha kwa nukta, acha, anza kusahihisha, usikeshe unatafuta mpangilio usio na kazi.

Dalili: ungio linagoma kila mahali

Umejaribu kurasa zote, kuna mmoja unaanza "yake iliyomfanya akimbie mjini" na hakuna unaoupokelea. Kabla hujasema umepotea angalia vitu viwili. Kwanza mshale au maandishi pembeni, watu wanaacha nafasi wanaruka kurasa tatu wanaandika kwa udogo "endelea nyuma", na kwenye picha hilo liko kwenye ukingo limekatwa nusu. Pili angalia kama huo ukurasa ni wake kweli. Simu moja nyumbani inatumiwa na watu wawili, ndugu wote wamefanya jaribio, picha ya mmoja ikachaguliwa na za mwingine. Usitazame mwandiko tu maana ndugu wanaweza kufanana, tazama kilicho chini ya karatasi: hizi zote zimelazwa juu ya mkeka, hii moja iko juu ya kitambaa cha meza.

Ikiwa sio hivyo basi kweli haujaja. Kivuli kitakuthibitishia: upande mmoja unaonyesha maandishi ya nyuma yake ambayo huna picha yake. Hapo usiandike "tuma tena zote", atazituma tena, safari hii na vurugu mpya, na utakuwa na picha 24. Muombe karatasi moja kwa alama anayoiona mkononi. Mimi nilimwandikia mmoja hivi: "Karatasi ambayo mbele inaanza na Swali la 3, igeuze, piga nyuma yake tu, kona zote nne zionekane." Akajibu "Shikamoo mwalimu, kumbe zilinatana," na picha chini yake.

Ukishaipata usisahau kuilinganisha na kivuli ulichokuwa unakiona tangu mwanzo. Mistari ikiwa mingi kuliko kivuli, ameongezea baada ya muda kuisha, na kilichoongezwa sikisahihishi. Kuhusu kurasa ambazo nimeomba na hazikuja, nasahihisha zilizopo, naandika pale pale kwenye ungio "hapa kuna ukurasa haupo", na alama ya swali hilo naizungushia duara nisiijumlishe mpaka Jumatatu jioni.